Anwani ya mpokeaji ijaze mwisho

Mdogo wangu, mhitimu wa uhasibu, alikuwa akiiandika upya barua pepe ya kuomba kazi kwa mara ya nne usiku ule, akibadilisha salamu na kupamba maneno, kidole kikateleza. Ikaenda bila wasifu, tena na jina la kampuni aliyoiomba wiki iliyopita. Nilimwonea huruma sana.

Kwa ombi lililofuata tuligeuza mpangilio. Aliambatisha wasifu kwanza. Kwenye mada akaandika nafasi anayoomba na jina lake, kisha sentensi nne tu. Akaisoma kwa sauti, na kila ulimi ulipokwama akarekebisha. Anwani ya mpokeaji aliijaza mwisho kabisa, kwani bila hiyo barua haiwezi kuondoka hata ukibonyeza kwa bahati mbaya.