Somo: Alama za Elo pale wachezaji wanapokuwa 40 tu

Mchezo wetu wa bao la mtandaoni una wachezaji wapatao 40, nusu yao wakiwa Mjini Unguja na nusu wakiwa Wete. Kanuni ya Arpad Elo ya kupima uwezo wa wachezaji kwa alama, ambayo shirikisho la sataranji duniani liliikubali mwaka 1970, inafaa kwetu pia, ila uchache wa watu huleta kasoro ambayo mchezo mkubwa hauijui.

Hatua ya kwanza ni hesabu yenyewe.

```
E = 1 / (1 + 10 ** ((Rb - Ra) / 400))
Ra = Ra + K * (S - E)
```

Ra ni alama za mchezaji, Rb ni za mpinzani wake, E ni matokeo yanayotarajiwa, na K ni kikomo cha alama zinazoweza kubadilika kwa mchezo mmoja. S ni 1 kwa aliyeshinda na 0 kwa aliyefungwa. Mwenye 1600 akikutana na mwenye 1400, E yake ni 0.76, kwa K ya 32, akishinda hupata alama 8 tu, na akifungwa hupoteza 24.

Hatua ya pili ni foleni ya kusubiri mpinzani. Anzeni na tofauti ya alama isiyozidi 100, kisha iongezeni 50 kila sekunde 15. Usiku mmoja baada ya isha, mwenye 1540 alimkuta foleni mwenye 1310 peke yake. Tofauti yao ni 230, kwa hiyo walikutanishwa sekunde ya 45. Kikomo kigumu kingewaacha wote wawili wakitazama skrini hadi walale.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi. Alama anazopata mmoja ndizo anazopoteza mwenzake, maadamu K ni moja. Kwa hiyo watu wa Wete wakichezana wao kwa wao, wastani wao hubaki 1200 walioanza nao, hata wawe mafundi kiasi gani, na wa Mjini vivyo hivyo. Mlinganisho wa makundi hayo hauna maana mpaka yakutane. Tulipoyakutanisha mara 30 kwa wachezaji wenye alama sawa, Wete walishinda 24, ilhali kanuni ilitarajia 15. Ushindi wa asilimia 80 ni pengo la alama 240 hivi. Niliwaongezea Wete 60 kila mmoja, nikawapunguzia Mjini 60, kwani michezo 30 si ushahidi wa kutosha kuziba pengo lote. Sasa foleni hutanguliza mpinzani wa kundi jingine.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Chake Chake:* Assalaam alaykum, maalim. Mgeni naye apewe K ile ile?

Waalaykum salaam. Mpe 40 kwa michezo 20 ya mwanzo ili afike mahali pake upesi, lakini mpinzani wake mzoefu abaki na K yake ya kawaida. Jumla ya alama itayumba kidogo, basi ikague kila mwezi.

*Mwanachama wa Mkoani:* Je, marafiki wawili wakikubaliana mmoja afungwe makusudi?

Utawajua kwa jozi ile ile kujirudia na mshindi kuwa mmoja. Sisi huhesabu alama za michezo mitatu tu kwa jozi moja kwa siku. Inayozidi hapo ni ya kujifurahisha.

*Mwanachama wa Wete:* Mbona waliopunguziwa hawakulalamika?

Walilalamika, bwana, wiki nzima.