Kuuza magauni ya mtumba laivu bila wateja kugombania nguo moja

Mtumba una shida asiyoijua muuza vitenge: kila gauni ni moja tu. Ukilionyesha laivu TikTok, watu sita wanaandika "langu" kwa mpigo, na usipokuwa na utaratibu watano wanaondoka na kinyongo. Sisi dukani tunafanya hivi.

Hatua ya 1: Simu mbili, watu wawili. Simu inayorusha isiwe na laini ya malipo, maana simu ikiingia matangazo yanaweza kukatika. Ya pili, yenye laini ya mtandao mwingine, akae nayo msaidizi uliyempa usimamizi wa komenti. Yeye anaona anachokiona mteja: picha ikiganda au maandishi yakisomeka kinyumenyume, atakushtua.

Hatua ya 2: Namba. Piga pasi, tundika kwa mpangilio, na kila gauni libebe kadi yenye namba kubwa.

Hatua ya 3: Onyesha. Tuseme ni gauni namba 14. Taja namba na bei: "Kumi na nne, elfu kumi na nane." Usitegemee saizi ya lebo, kwa sababu 12 ya Uingereza si 12 ya Marekani. Lilaze mezani, weka tepu kutoka kwapa hadi kwapa mbele ya kamera. Ikisoma inchi 19, zidisha mara mbili: kifua 38. Pima kiuno na urefu pia. Kisha sogeza karibu kwapa, kola na zipu, uivute zipu juu na chini. Kama kuna doa, liwekee kidole ulitaje. Mteja aliyeliona doa kabla ya kulipa halirudishi gauni kwa sababu hiyo.

Hatua ya 4: Pokea oda. Hapa ndipo ugomvi unapozaliwa. Video humfikia kila mtu kwa kuchelewa tofauti, hivyo mteja anaweza kuapa kwamba yeye ndiye wa kwanza, na kwenye simu yake ni kweli. Tangaza kanuni mapema na uibandike juu ya komenti: anayehesabiwa ni anayetokea kwanza kwenye simu ya msaidizi. Mteja aandike "14" tu. Msaidizi anaandika daftarini jina la kwanza na mawili ya akiba, nawe unayasoma kwa sauti: "Kumi na nne ni ya Mama Nasra, akiba dada Rehema, kisha dada Zuhura." Hapo ndipo ushike la 15.

Mama Nasra ana nusu saa ya kulipa. Ikipita, msaidizi anamtafuta Rehema. Usihesabu skrinishoti kuwa malipo, kwani hutengenezwa. Subiri ujumbe wa mtandao wa simu kwenye laini ya malipo ya duka.

Hatua ya 5: Chunga komenti. Anayeuliza bei ajibiwe hata mara ya kumi. Anayeandika namba yake ya simu, msaidizi aifute papo hapo: matapeli huvizia laivu, wakampigia mteja wakijifanya duka. Wengine hufungua akaunti yenye picha yako na jina lililozidi herufi moja. Hao wafungiwe mara moja, nawe kila baada ya nguo chache urudie jina litakalotokea mteja anapolipa. Likitokea jingine, asibonyeze namba ya siri.