Kuhariri tafsiri ya mashine kutoka Kiswahili kwenda Kijerumani: jinsia, mpangilio wa maneno na rejista

Mwongozo huu unamhusu mhariri ambaye amepokea matini ya Kijerumani iliyotolewa na mashine kutoka katika Kiswahili, naye anatakiwa kuifikisha katika kiwango cha kuchapishwa. Kiwango hicho ndicho kinachoitwa uhariri kamili, nacho kimewekewa masharti katika ISO 18587 ya mwaka 2017. Nitatumia matini moja fupi kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu makosa ya jinsia, ya mpangilio na ya rejista, yaani kiwango cha urasmi wa lugha, hayaji kila moja kwa zamu yake: mara nyingi hukaa yote matatu ndani ya sentensi moja.

Hiki ndicho chanzo, kipande cha maelekezo ya matumizi ya pampu ya maji:

> (1) Pampu ikipata joto kupita kiasi, izime na uiache ipoe kwa dakika 30. (2) Kisha fungua kifuniko, toa kichujio na ukioshe kwa maji safi. (3) Usikirudishe kikiwa bado na unyevu. (4) Fundi akishamaliza kukagua mota, mwambie aandike tarehe kwenye kadi. (5) Kabla hujaiwasha tena, hakikisha kwamba kifuniko kimefungwa vizuri.

Na hii ni tafsiri ghafi. Nimeitunga mwenyewe ili ikusanye pamoja makosa ambayo kwa kawaida hutawanyika katika kurasa kadhaa:

> (1) Wenn die Pumpe überhitzt, schalten Sie sie aus und lassen Sie es 30 Minuten abkühlen. (2) Öffnen Sie dann den Deckel, nehmen Sie den Filter heraus und wasche sie mit sauberem Wasser. (3) Setzen Sie es nicht wieder ein, wenn es noch feucht ist. (4) Der Techniker, nachdem er den Motor überprüft hat, sag ihm, das Datum auf die Karte zu schreiben. (5) Bevor Sie es nicht wieder eingeschaltet haben, stellen Sie sicher, dass der Deckel ist richtig geschlossen.

Hatua ya 1: Amua mambo mawili kabla ya kugusa sentensi yoyote

La kwanza ni namna ya kumwita msomaji. Kiambishi cha Kiswahili *u-* hakisemi kama anayeambiwa ni rafiki au mteja asiyejulikana, kwa hiyo mashine hulazimika kubahatisha kati ya *du* na *Sie*, na hubahatisha upya kila inapofika kwenye sentensi nyingine. Katika maelekezo ya kifaa, Kijerumani kinaruhusu pia njia ya tatu, yaani kutumia kitenzi kisichonyambuliwa: *Filter herausnehmen und ausspülen*. Njia hiyo ni fupi na inafaa sana orodha ya hatua, lakini haifai kuchanganywa na *Sie* ndani ya aya moja. Muulize mteja anataka ipi. Asipokuwa na msimamo, mimi huchagua *Sie*, kwa kuwa msomaji mtu mzima asiyejulikana hatachukizwa nayo.

La pili ni majina ya watu. *Fundi* katika Kiswahili anaweza kuwa mwanamume au mwanamke, ilhali mashine karibu kila mara humfanya *der Techniker*. Wateja wengine huridhika na umbo hilo, wengine hutaka kinyota, *Techniker\*in*, ambacho Baraza la Tahajia ya Kijerumani halijakiingiza katika kanuni zake rasmi. Njia inayozua ubishi mdogo ni kutafuta jina ambalo jinsia yake ya kisarufi haitegemei mtu mwenyewe, kwa mfano *die Fachkraft*. Andika uamuzi wako juu ya ukurasa, kisha uufuate hadi mwisho.

Hatua ya 2: Orodhesha nomino pamoja na vibainishi vyake

Usiandike tu kwamba kichujio ni *Filter*; andika *der Filter*. Hapa pana mtego halisi, kwa sababu katika lugha ya mafundi Wajerumani neno hilo huonekana pia kama *das Filter*, na matini ambayo mashine ilifunzwa nayo ina maumbo yote mawili. Kwa matini yetu orodha ni fupi: *die Pumpe, der Deckel, der Filter, der Motor, die Karte*. Neno ambatani hufuata jinsia ya sehemu yake ya mwisho, kwa hiyo kifuniko cha pampu ni *der Pumpendeckel*, ingawa pampu yenyewe ni *die*.

Hatua ya 3: Fuata kila kiwakilishi hadi kwenye nomino yake, ukiongozwa na ngeli

Hapa ndipo mhariri anayejua Kiswahili ana nguvu kuliko Mjerumani anayeiona tafsiri peke yake. Mashine nyingi hutafsiri sentensi moja moja, kwa hiyo zinapofika kwenye sentensi ya (3) zinakuwa zimekwisha kumsahau *der Filter* wa sentensi ya (2), nazo huandika *es* kwa kukosa la kushika. Kiswahili hakikusahau: *ki-* katika *usikirudishe* inarejea kitu cha ngeli ya KI-VI, kwa hiyo haiwezi kuwa pampu.

Chukua kalamu, zungushia kila kiambishi cha mtendwa katika chanzo, na uandike juu yake nomino inayorejewa. Katika (1), *i-* ya *uiache* ni pampu, kwa hiyo *es* inakuwa *sie*. Katika (2), *ki-* ya *ukioshe* ni kichujio. Neno *sie* la mashine linamwambia msomaji aioshe pampu, nalo ni kosa linaloweza kuharibu kifaa, wala si la sarufi tu. Umbo sahihi ni *ihn*. Katika (3) tunapata *ihn* tena, halafu *er*.

Ngeli ina mpaka wake. Kifuniko na kichujio vyote ni KI-VI, hivyo *ukioshe* peke yake haiamui ni kipi kati ya hivyo viwili. Maana ndiyo inayoamua. Tatizo huwa kubwa zaidi katika ngeli ya I-ZI, ambamo maneno mengi ya mitambo yamejazana. Tazama *hujaiwasha* katika (5). Nomino za I-ZI zilizo karibu nayo ni mota, tarehe na kadi, na pampu iko mbali. Ukiandika *sie*, Mjerumani ataisoma kama *die Karte*. Katika hali hiyo usibadilishe kiwakilishi kwa kiwakilishi: rudisha nomino, *die Pumpe*, na shaka itaondoka.

Hatua ya 4: Pima mahali pa kitenzi

Kanuni ni mbili. Katika kishazi huru cha taarifa, kitenzi kilichonyambuliwa hukaa katika nafasi ya pili, hata kama nafasi ya kwanza imejazwa na kishazi kizima. Katika kishazi tegemezi kinachoanza kwa *wenn, dass, weil* au *bevor*, kitenzi hicho huenda mwisho. Kosa la *dass der Deckel ist richtig geschlossen* huonekana mara moja, na mashine za kisasa hulifanya kwa nadra. Muda wako uuelekeze kwenye makosa mengine mawili, ambayo sikio huyapita kwa urahisi.

La kwanza ni kiima kinachoachwa kikining'inia. Kiswahili hupenda kumtaja mtu mwanzoni na kumrejelea baadaye kwa kiambishi: *Fundi akishamaliza…, mwambie*. Mashine ikifuata mwendo huo, *Der Techniker* hubaki bila kitenzi chake. Usijaribu kuziba ufa huo kwa koma. Jiulize ni nani anayeamriwa kufanya jambo, naye ni msomaji. Anza na amri yake: *Bitten Sie die Fachkraft, nach der Prüfung des Motors das Datum in die Karte einzutragen*. Angalia pia kwamba katika *eintragen* silabi *zu* huingia katikati ya kitenzi, na neno zima huandikwa pamoja. Katika amri ya kawaida kitenzi hicho hugawanyika: *Tragen Sie das Datum ein*. Ukifupisha sentensi ndefu yenye kitenzi cha namna hii, hakikisha kipande cha mwisho hakikufutwa pamoja na maneno mengine, maana *Setzen Sie ihn ein* bila *ein* haina maana iliyokusudiwa.

La pili ni *kabla*. Kiswahili husema *kabla hujaiwasha*, kwa umbo la kukanusha, ingawa maana yake haina ukanusho wowote. Mashine huuchukua ukanusho huo na kuupeleka Kijerumani kama *bevor … nicht*. Ugumu ni kwamba *bevor nicht* ipo katika Kijerumani sanifu, lakini huenda pamoja na kishazi kikuu kilichokanushwa na hudokeza sharti: *Schalten Sie die Pumpe nicht ein, bevor der Filter nicht trocken ist*. Kwa sababu umbo lenyewe linajulikana, jicho huliruhusu lipite. Kila unapoiona *kabla* katika chanzo, nenda moja kwa moja kwenye *bevor* na utazame kama *nicht* imeingia.

Hatua ya 5: Safisha rejista

Anza kwa kutafuta viwakilishi vya *du* na vya wingi wake kwa ruwaza ya utafutaji ifuatayo, yaani regex, katika kihariri chochote kinachoikubali:

```
\b([Dd]u|[Dd]ich|[Dd]ir|[Dd]ein\w*|[Ee]uch|[Ee]uer\w*|[Ee]ure\w*)\b
```

Utafutaji huo hauoni kila kitu, na *ihr* ya wingi haimo ndani yake. Katika matini yetu hautapata hata neno moja, ilhali kuna makosa mawili ya *du*: *wasche* na *sag*. Amri ya *du* haina kiwakilishi, kwa hiyo njia pekee ya kuikamata ni kupitia kila kitenzi cha amri na kuhakikisha kinafuatwa na *Sie*, au kinashirikiana na *Sie* iliyotangulia katika amri hiyohiyo.

Kisha pima herufi kubwa. *Sie* ni msomaji, *sie* ni pampu. *Ihr* ni ya msomaji, *ihr* ni ya pampu. Mwanzoni mwa sentensi herufi kubwa haisaidii, na hapo umbo la kitenzi ndilo linaloamua: *Sie muss abkühlen* ni pampu, *Sie müssen warten* ni msomaji.

Baada ya hatua hizi matini inasomeka hivi:

> Wenn die Pumpe überhitzt, schalten Sie sie aus und lassen Sie sie 30 Minuten abkühlen. Öffnen Sie dann den Deckel, nehmen Sie den Filter heraus und spülen Sie ihn mit sauberem Wasser aus. Setzen Sie ihn nicht wieder ein, solange er noch feucht ist. Bitten Sie die Fachkraft, nach der Prüfung des Motors das Datum in die Karte einzutragen. Bevor Sie die Pumpe wieder einschalten, stellen Sie sicher, dass der Deckel fest geschlossen ist.

Katika (3) nimeweka *solange* badala ya *wenn*, kwa kuwa *kikiwa bado* inaeleza muda unaoendelea, si sharti.

Hatua ya 6: Fuata mnyororo wa kila badiliko la mwisho

Mteja akisema kwamba anapendelea *die Abdeckung* badala ya *der Deckel*, usitumie kubadilisha neno kwa neno katika faili zima. *Den Deckel* lazima iwe *die Abdeckung*, *der Deckel* iwe *die Abdeckung*, na viwakilishi *er* na *ihn* vinavyolirejelea neno hilo, ambavyo utafutaji wa *Deckel* hautavigusa, vyote viwe *sie*. Baada ya kila badiliko la nomino, soma sentensi mbili zinazofuata kabla ya kuendelea, kisha rudi kwenye orodha ya hatua ya 2 na usahihishe kibainishi chake.