SOMO: Jaribu kwa laki mbili na nusu kabla hujagusa akiba yako

Wadau, salaam. Niliahidi kueleza nilivyolijaribu wazo la siagi ya karanga kabla sijazamisha akiba. Mimi niko Dar, kwa hiyo bei nitakazotaja ni nilizolipa mimi wakati ule. Wewe weka za kwako.

Nilikuwa na akiba ya 2,800,000. Kariakoo nilishaona mashine ya kusagia karanga ya 1,800,000, nikashaichagulia hadi pembe ya kukaa pale uani. Siku moja nikapeleka kilo mbili za karanga kwa jirani anayesaga mtaani, nikamkuta amelala kwenye benchi. Mashine yake inafanya kazi asubuhi tu, mchana kutwa imezima. Nikajiuliza: mtaa huu una mashine moja na haipati kazi ya kutosha, mimi naleta ya pili ili imsagie nani?

Hatua ya 1: Tafuta swali linaloweza kuliua wazo lako

Kusaga karanga si swali, maana kila mtu anaweza kusaga. Kama watu wanaipenda pia si swali, ukiwaonjesha bure wote watasema tamu. Swali langu lilikuwa hili: mtu asiyenijua akinunua kopo kwa bei kamili, akalimaliza, atarudi kununua la pili? Kama harudi, mashine ya milioni haina kazi.

Liandike swali lako kwenye daftari, na chini yake andika namba itakayokufanya uendelee na namba itakayokufanya uache. Fanya hivyo kabla hujauza hata kimoja, kwa sababu ukishaanza kuuza moyo unaanza kujitetea. Mimi niliandika: kati ya wageni watakaonunua, theluthi moja warudi ndani ya wiki tatu. Wiki tatu si za kubahatisha. Kopo la gramu 400 nyumbani kwetu linamaliza kama wiki mbili, nikaongeza moja. Jaribio lazima lidumu kuliko muda wa mteja kumaliza bidhaa, la sivyo utapima hamu ya mara ya kwanza tu.

Hatua ya 2: Kodi au azima kila kitu

Nilitenga 250,000 za mikupuo mitatu, nikaziweka kwenye laini tofauti ya simu. Zikiisha, jaribio limeisha. Hakuna kuchomoa kwenye akiba.

Huu ni mkupuo mmoja. Nilinunua kilo 10 za karanga sokoni Tandale kwa 4,000 kwa kilo, jumla 40,000. Mkaa 3,000, kusaga kwa jirani 9,000, makopo 21 kwa 700 kila moja ni 14,700, lebo za kuchapisha 3,150, chumvi 500, nauli 6,000. Jumla 76,350.

Kwa nini makopo 21, wakati kilo 10 zingetoa 25? Nusu kilo niliitupa kwenye kuchambua. Ukikaanga maji yanapungua, ukipepeta kwenye ungo maganda yanaondoka, nikabaki na kilo 8.7. Gramu 300 nyingine zilibaki zimeganda ndani ya mashine ya jirani. Haya huyajui mpaka umefanya, na ndiyo yanayokula faida za kwenye karatasi.

Kuchambua usikufanyie uvivu. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, na moto wa kukaangia hauimalizi. Kuchambua kwa mkono kunapunguza hatari, hakuiondoi. Mwenye uhakika ni maabara. Usinunue chenga kwa sababu ni rahisi, na makopo yakaushe kabisa kabla ya kujaza. Kwa kuwa ni chakula, pita kwanza SIDO, shirika la viwanda vidogo, na TBS, shirika la viwango, uulize masharti ya kuuza. Mimi nilipita kabla ya mkupuo wa kwanza.

Hatua ya 3: Jilipe mshahara kwenye hesabu

Ukigawa 76,350 kwa 21 unapata kama 3,636 kwa kopo. Ukiuza 6,000 unaona faida nono, na hapo ndipo wengi wetu tunakwenda kununua mashine. Lakini mkupuo mmoja ulinichukua siku mbili nzima. Kijana wa kunisaidia ningemlipa 10,000 kwa siku, nikaingiza 20,000. Jumla ikawa 96,350, kopo moja 4,588. Nikiuza mwenyewe kwa 6,000 nabaki na 1,412. Nikimpa Mangi dukani kwa 5,000 ili naye auze 6,000, nabaki na 412.

Sasa ile mashine. Kazi yake ni kuniondolea 9,000 ya kusaga kwa kila mkupuo. Gawa 1,800,000 kwa 9,000: mikupuo 200. Kwa mkupuo mmoja kwa wiki ni karibu miaka minne ndipo irudishe hela yake, na hapo sijahesabu umeme wala fundi. Hesabu hii ya mistari miwili ningeweza kuifanya siku ileile Kariakoo, ila sikuwa na namba za kuweka.

Hatua ya 4: Uza, na umtenganishe ndugu na mgeni

Mkupuo wa kwanza uliisha siku sita. Nilifurahi, nisiwafiche. Jioni nikafungua daftari: makopo 13 yalinunuliwa na watu wangu (kazini, kanisani, shemeji) na 8 na wageni. Wale 13 niliwafuta kwenye hesabu. Shemeji ananunua kwa sababu yako, si kwa sababu ya karanga.

Kwa kila mgeni niliandika tarehe, alivyolipa, na namba ya simu kama aliitoa mwenyewe. Baada ya wiki tatu walirudi wawili kati ya wanane. Robo. Nilishaandika theluthi, kwa hiyo nilifeli.

Nikawapigia sita waliobaki, simuuzii mtu, nauliza tu: "Lile kopo limefikia wapi?" Wanne wakasema bado lipo. Wanapaka kwenye mkate Jumapili, basi. Mmoja aliona mafuta yameelea juu akadhani limeharibika, kumbe linahitaji kukorogwa tu; hilo nililiandika kwenye lebo iliyofuata. Wa mwisho hakupokea. Wale wawili waliorudi sasa, wote walikuwa na jibu moja: wanaweka kijiko kwenye uji wa mtoto kila asubuhi. Kopo kwao halifikishi wiki mbili.

Mkupuo wa pili nilitaka kujua duka. Makopo 8 niliyapeleka kwa akina Mangi wawili, mali kauli. Wiki mbili yakatoka 3, na moja lilikuwa limewekwa dirishani juani mpaka likaanza kunuka mafuta ya zamani. Duka nikalifuta.

Mkupuo wa tatu nilibadilisha kitu kimoja kikubwa: mteja. Nikatoa chumvi, lebo ikasema ya uji, nikauza kwa akina mama wanaosubiri watoto chekechea. Bei ileile. Makopo 5 wakachukua wateja wa zamani, 16 wageni. Ndani ya siku 18 wageni 9 waliagiza tena, na walilipa kabisa kwa simu kabla sijatengeneza. Hiyo niliihesabu. "Nitakutafuta" sikuihesabu.

Hatua ya 5: Amua kwa namba uliyoandika

Tisa kati ya 16 imepita theluthi. Sikununua mashine. Nilitoa 400,000 kwenye akiba: karanga, makopo ya jumla, na kupeleka sampuli maabara, kwa sababu sasa anayekula ni mtoto. Bila majibu ya maabara sipanui. 2,400,000 zipo palepale.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Dodoma: Mkuu, huku wakati wa mavuno karanga zinashuka sana. Si ningefanya jaribio wakati huo nipate faida nzuri?

Fanya, ila hesabu usifanye kwa bei ya mavuno. Chukua bei mbaya kabisa uliyowahi kuiona, uiweke. Mimi niliweka 5,500 kwa kilo: karanga zikawa 55,000 badala ya 40,000, kopo likapanda kwa 714. Ile 412 ya dukani ikageuka hasara. Kuuza mwenyewe ikabaki 698, bado napumua.

Dada wa Mbagala: Kaka mimi nataka kuuza juisi na barafu, lazima ninunue friji. Hiyo siwezi kukodi.

Dada, kuna jirani mwenye friji nusu tupu. Mwombe rafu moja kwa wiki nne, mlipe kidogo kwa ajili ya umeme, kwa makubaliano ya wazi. Ukiona rafu moja haikutoshi na wateja wanaondoka mikono mitupu, waandike waliokosa kila siku. Hesabu ya waliokosa ndiyo itakayokuambia ununue friji ya ukubwa gani. Angalia pia usijaribu kwenye joto la Januari peke yake ukadhani Julai itakuwa vilevile.

Mdau wa Mombasa: Na wakikuiga je? Huku ukianza kitu leo, kesho kibanda cha pili kiko kando yako.

Waliniiga. Mama mmoja palepale chekechea alianza wiki ya tano, 5,000 kwa kopo. Nilinunua la kwake nikapima: gramu 330. Sikushusha bei, niliandika uzito wa kopo kwa herufi kubwa kwenye lebo. Wateja wawili walihamia, mmoja akarudi. Hata kuigwa ni sehemu ya jaribio ndugu yangu, afadhali kukupate ukiwa na makopo 21 kuliko ukiwa na mkopo.

Mwanachama mpya: Ukikopesha wakati wa jaribio inahesabika?

Haihesabiki mpaka alipe. Mimi nilikopesha makopo mawili mkupuo wa kwanza, wote watu wa kazini. Moja nililipwa mwisho wa mwezi. La pili bado tunasalimiana tu.