SOMO: Kupata boriti yenye nguvu kuliko zote kutoka kwenye gogo la mviringo

Swali hili limeulizwa mara nyingi mno, na kila mara naandika jibu lilelile upya. Leo naliandika mara moja kwa ukamilifu, atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

Una gogo la mviringo. Unataka kupasua boriti moja ya mstatili, ikilazwa juu ya nguzo mbili ibebe mzigo mkubwa kuliko boriti nyingine yoyote ambayo gogo hilo lingeweza kutoa. Upana uwe ngapi na kimo kiwe ngapi? Wengi hujibu "mraba", kwa kuwa mraba ndio unaopoteza mti mdogo zaidi. Hilo la kupoteza mti mdogo ni kweli, lakini nguvu haifuati wingi wa mti.

Nitatumia gogo la kipenyo cha sentimita 30 mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 1. Pima kipenyo, D, kwenye ncha nyembamba, bila gome.

Hatua ya 2. Andika kanuni ya nguvu. Uwezo wa boriti kuhimili mzigo bila kuvunjika unalingana na upana mara kimo mara kimo tena. Aina ya mti na umbali kati ya nguzo vinazidisha tu matokeo kwa namba isiyobadilika, kwa hiyo tunaviacha.

```
S = b · h²      (b = upana, h = kimo)
```

Hatua ya 3. Pembe nne za mstatili zinagusa duara, hivyo ulalo wa mstatili ni kipenyo chenyewe. Kwa kanuni ya Pithagorasi:

```
b² + h² = 900
```

Hatua ya 4. Bakiza herufi moja tu kabla ya kutafuta deriveti.

Hapa tutulie, maana ndipo nilipoharibu mimi. Mara ya kwanza nilichukua b·h² nikatafuta deriveti kwa b huku nimeiacha h kama namba iliyosimama. Nikapata h². Nikailinganisha na sifuri, ikatoka boriti isiyo na kimo kabisa. Nilirudia hesabu jioni nzima nikidhani nimekosea kuzidisha, kumbe kosa lilikuwa kwenye fikra: h haijasimama. Ukiongeza upana, duara linakulazimisha upunguze kimo. Deriveti ni kasi ya nguvu kubadilika kadiri upana unavyoongezeka, na kasi hiyo lazima ibebe mambo yote mawili, faida ya upana ulioongezeka na hasara ya kimo kilichopungua. Ukiisahau h, umeihesabu faida peke yake, na faida peke yake haina kilele.

Kosa la pili: nilipoelewa hilo, nikaamua kuiondoa b badala ya h. Ikabidi niandike kipeuo cha pili cha 900 − h², halafu nikapotea kwenye alama za kutoa. Njia hiyo si batili, ila ni ndefu bila sababu. Tazama kanuni ya nguvu: h imo kama h², na Pithagorasi anakupa h² ikiwa tayari. Ichukue nzima uipachike:

```
S = b(900 − b²) = 900b − b³
```

Ukiona alama ya kipeuo kwenye S yako, rudi nyuma, umeondoa herufi isiyofaa.

Hatua ya 5. Deriveti, kisha sifuri.

```
dS/db = 900 − 3b² = 0
b² = 300,  b = 17.32
h² = 600,  h = 24.49
```

Jibu hasi la b tunaliacha, upana hauwi hasi.

Hatua ya 6. Hakikisha ni kilele. Upana ukiwa 0 au 30, S ni sifuri, na katikati yake S ni chanya. Deriveti imegusa sifuri mahali pamoja tu, basi hapo ndipo kilele.

Kwa gogo lolote: upana ni kipenyo gawanya kwa 1.732, na kimo ni upana huo mara 1.414.

Sasa linganisha na mraba. Mraba wa gogo letu ni 21.21 kwa 21.21, na S yake ni 9,546. Boriti yetu ina S ya 10,392, karibu asilimia 9 zaidi. Na uso wake uliokatwa ni sentimita za mraba 424, dhidi ya 450 za mraba. Mti umepungua, nguvu imeongezeka.

Kuchora kwenye gogo bila hesabu. Piga mstari wa kipenyo AB kupitia katikati ya duara. Ugawe sehemu tatu sawa, weka alama C upande wa A na E upande wa B. Kutoka C simamisha mstari wa pembe mraba kwenda upande mmoja mpaka ukute ukingo, paite P. Kutoka E fanya hivyo kwenda upande wa pili, paite Q. Unganisha A, P, B, Q. Huo ndio mstatili wetu. Sababu: pembe APB imo ndani ya nusu duara, kwa hiyo ni pembe mraba, na pembetatu APC inafanana na APB. Hivyo AP² = AC × AB = 10 × 30 = 300. Ndiyo b² ya hatua ya 5.

---

Randa_Kali: Mkuu, mimi gogo langu ni sentimita 40. Nipe vipimo.

Mwandishi: Hatua ya 5. Badala ya 900 weka 1600.

Randa_Kali: Nimepata upana 533.

Mwandishi: Hiyo ni b². Tafuta kipeuo chake cha pili, ni 23.1. Kimo ni 32.7. Kila ukipata upana, ulinganishe na kipenyo kabla ya kwenda mbele.

Msumeno: Shukrani kwa somo. Sisi hatuwezi kukata 17.32 wala 24.49. Tukizungusha kwenda namba nzima tutapoteza kiasi gani?

Mwandishi: Swali zuri sana hili, ndugu. Karibu hakuna. Chukua 18 kwa 24, inaenea kamili kwenye duara la 30 kwa sababu 324 na 576 ni 900. S yake ni 10,368. Umepoteza robo ya asilimia moja. Hata upana ukiwa 16, kimo kikawa kama 25.4, hasara haifiki asilimia moja. Ndiyo maana ya deriveti kuwa sifuri: juu ya kilele njia ni tambarare, ukisogea kidogo hushuki.

Usahihi wako upeleke kwenye kipenyo. Huko hakuna utambarare, nguvu inafuata D mara D mara D, yaani D³. Ukipima 30 pamoja na gome la sentimita moja kila upande, gogo lako ni 28, na nguvu halisi ni asilimia 81 tu ya uliyoandika. Na ukikata kwa vipimo vya 30, boriti itatoka na pembe zilizolika, zina gome badala ya ncha kali. Ukiziona pembe hizo, ujue kipimo kilikuwa cha juu.

Fundi_Kijana: Nimepasua kama ulivyosema, nikailaza kwa upande mpana ili itulie vizuri. Iko sawa?

Mwandishi: Hapana. Igeuze, 24.49 isimame. Ukiilaza, S inakuwa 24.49 × 300, sawa na 7,347. Umetupa asilimia 29 na umekuwa chini ya mraba.

Bikari: Mwalimu, kanuni ya hatua ya 2 umeitoa bila kueleza. Kwa nini kimo kihesabiwe mara mbili na upana mara moja?

Mwandishi: Asante kwa kuuliza, niliipita haraka. Boriti ikilemewa, nyuzi za juu zinabanwa na za chini zinavutwa, na katikati upo ukanda usiobanwa wala kuvutwa. Ukiongeza upana mara mbili, umeweka boriti mbili ubavu kwa ubavu, nguvu mara mbili, basi. Ukiongeza kimo mara mbili, nyuzi zinazofanya kazi zimekuwa mara mbili, na tena umbali kati ya zinazobanwa na zinazovutwa umekuwa mara mbili, kama mtu anayeshika wenzo mrefu zaidi. Mbili mara mbili ni nne. Ukitaka namba kamili wanayotumia wahandisi, gawanya b·h² kwa 6.

Bikari: Basi nimejaribu namba hiyo. Boriti yetu inatoa 1,732. Kwa gogo zima la mviringo kanuni ni π·D³/32, inatoa 2,651. Gogo lisilopasuliwa lina nguvu mara moja na nusu! Kwa nini tupasue?

Mwandishi: Hesabu yako ni sahihi. Sikusema popote kwamba boriti inalishinda gogo, nilisema inashinda *mistatili* yote inayotoka humo. Kupasua kunaondoa mti, na mti ulioondolewa juu na chini ndio uliokuwa na kazi kubwa. Tunapasua kwa sababu tunahitaji nyuso bapa za kupigilia mbao na za kukalia nguzo. Kama kazi yako haihitaji nyuso bapa, liache gogo zima. Nashukuru umelileta, lilipaswa kuwa ndani ya somo.

Mama_Seremala: Kwangu tatizo si kuvunjika, ni kunesa. Boriti haivunjiki lakini inabonyea katikati. Vipimo ni hivyohivyo?

Mwandishi: Hapana dada, hilo ni swali jingine. Kuzuia kunesa kunafuata b·h³, kimo kinapewa uzito zaidi. Hapo jibu ni upana nusu ya kipenyo: 15 kwa 25.98. Unapata asilimia 3 zaidi dhidi ya kunesa, na unapoteza chini ya asilimia 3 ya nguvu ya kuvunjika. Tofauti ni ndogo, lakini kama kunesa ndiko kunakokusumbua, chukua hiyo.

Msumeno: La mwisho. Magogo mengi si duara kamili. Nina moja ni 28 upande mmoja na 32 upande wa pili.

Mwandishi: Kipenyo kirefu kisimamishe wima. Kisha kila upande utumie kipenyo chake: upana ni 28 mara 0.577, ambao ni 16.2, kimo ni 32 mara 0.816, ambacho ni 26.1. S inakuwa kama 11,040. Ukiligeuza gogo hilohilo, kirefu kikalala, unapata kama 9,660. Weka alama ya juu kwa chaki kabla hujalipandisha kwenye msumeno.