Jinsi ya Kuandaa Faili la Malipo ya Masaplaya Wengi na Kulikagua Kabla ya Kulipakia Benki

Kila benki ina kiolezo chake cha malipo ya pamoja, kwa hiyo anza kwa kukishusha kwenye mtandao wa benki yenu. Usitumie ulichopewa na rafiki wa ofisi ya jirani pale Samora, hata kama mko benki moja, kwa sababu mpangilio wa safu unaweza kuwa umeshabadilishwa.

Tuchukue mfano mdogo. Ofisi ina ankara tano za masaplaya watatu. Muuza karatasi wa Kariakoo ana ankara tatu: 450,000, 620,000 na 180,000. Fundi wa viyoyozi, ambaye hajasajiliwa VAT, anadai 800,000. Muuza dizeli ya jenereta anadai 2,400,000. Jumla ya ankara ni shilingi 4,450,000.

Kabla ya kugusa kiolezo, tengeneza orodha ya ankara na uamue nani analipwa kiasi gani. Fundi ni mtoa huduma mkazi, kwa hiyo unamkata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani 40,000, na kumlipa 760,000. (Angekuwa na VAT, zuio hilo lingekokotolewa kwenye bei kabla ya VAT.) Ankara tatu za karatasi unaziunganisha kuwa mstari mmoja wa 1,250,000. Faili litakuwa na mistari mitatu yenye jumla ya 4,410,000. Andika namba hizo mbili kwenye karatasi ya idhini, 3 na 4,410,000, kwa kuwa ndizo utakazozidai huko mbele.

Hapohapo kwenye orodha tafuta ankara iliyoingizwa mara mbili. Usitegemee namba ya ankara peke yake: mmoja huandika INV-0118, mwingine 118, na kompyuta huziona ni ankara mbili. Panga orodha kwa jina la saplaya kisha kwa kiasi. Kiasi kilekile kikijirudia kwa saplaya yuleyule, toa ankara zenyewe kwenye faili la karatasi uzilinganishe.

Sasa kiolezo. Kabla ya kubandika chochote, chagua safu ya namba za akaunti na uiweke kuwa `Text`. Hapa ndipo mafaili mengi yanapoharibikia. Tuseme akaunti ya muuza karatasi ni 0100200300400, tarakimu 13. Safu ikiachwa `General`, Excel huichukulia kama hesabu, hufuta sifuri ya mbele na kuonyesha `1.002E+11`. Ukihifadhi kama CSV, kinachoandikwa ni hicho unachokiona, na tarakimu za mwisho zimeshapotea. Kuibadilisha safu kuwa `Text` baadaye hakurudishi kitu; lazima unakili namba upya kutoka kwenye daftari la masaplaya.

Kwenye nakala yako ya kazi, siyo kwenye faili la kupakia, hesabu urefu wa kila akaunti:

```
=LEN(A2)
```

Jibu likiwa 12 wakati fomu ya saplaya ina tarakimu 13, sifuri imeliwa. Angalia pia msimbo wa benki. CRDB ni CORUTZTZ na NMB ni NMIBTZTZ, lakini NBC ni NLCBTZTX, inaishia na X, na mkono uliozoea hujiandikia Z. Kiasi kiandikwe bila mkato. Mkato kwenye maelezo nao huweza kugawa safu, basi tumia nafasi tu.

Ukishahifadhi CSV, usiifungue kwa kubofya mara mbili. Excel itazila sifuri upya, na ukibonyeza hifadhi umerudi mwanzo. Ifungue kwa Notepad. Mstari mzima uonekane hivi:

```
0100200300400,CORUTZTZ,MUUZA KARATASI,1250000,ANK 118 121 126
```

Mwenzako asiyeandaa faili ndiye alinganishe akaunti, na alinganishe na fomu iliyosainiwa saplaya alipoandikishwa, siyo na ankara ya leo. Ankara ikiwa na akaunti mpya, au ikija barua pepe ya "tumebadilisha benki", mpigie saplaya kwa namba ya zamani mliyo nayo. Namba iliyoandikwa kwenye barua hiyo huenda ni ya tapeli mwenyewe. Mstari huo utoe kwenye faili mpaka ajibu, hata kama bosi anakuharakisha.

Pakia, kisha usome muhtasari wa benki: idadi 3, jumla 4,410,000. Ikitofautiana hata namba moja, futa faili lote kabla halijaenda kwa muidhinishaji. Naye aangalie muhtasari huo akiwa na karatasi ya idhini mkononi.

Baada ya kuidhinishwa, mstari mmoja unaweza kukataliwa huku mingine ikipita. Usipakie faili lote tena, utawalipa wengine mara mbili. Subiri pesa ionekane imerudi kwenye taarifa ya akaunti, rekebisha, kisha tuma mstari huo peke yake kwa rejea mpya.