Jinsi ya kuomba jaribio la mzigo wa paili, kulisimamia na kusoma majibu yake

Mwongozo huu ni kwa mkandarasi au mhandisi wa saiti anayetakiwa kumthibitishia mhandisi mshauri kwamba paili alizochimba zitabeba kilichoandikwa kwenye michoro. Nimetoka kwenye zoezi hili hivi karibuni Dar es Salaam, kwenye jengo la ghorofa, na jaribio letu la kwanza lilikataliwa ingawa paili haikuwa na kasoro yoyote. Kwa hiyo sehemu ya boriti ya rejea nimeieleza kwa kirefu kuliko sehemu nyingine.

Paili yenyewe ilikuwa ya kuchimba na kumwaga zege, kipenyo milimita 600, urefu mita 18, mzigo wa kazi 1,200 kN. Asiyependa kilonyutoni agawe kwa 10, atapata tani kwa makadirio ya kutosha.

Barua ya maombi huandikwa kwa mhandisi mshauri. Unaambatanisha maelezo ya utaratibu wa kazi, mchoro wa mpangilio wa mzigo, kumbukumbu za kuchimba na kumwaga zege za paili hiyo, majibu ya vipande vya zege vilivyopondwa, na vyeti vya ugezi vya jeki, geji ya presha na kipima mzigo. Vyeti ndivyo hurudisha barua. Cheti kiwe hai mpaka siku ya jaribio, maana siku ya kuandika barua haihesabiki. Namba iliyogongwa kwenye jeki lazima ifanane na iliyo kwenye cheti. Ukikodi jeki, usikubali kutumiwa picha ya cheti kwa simu. Nenda stoo ukaisome namba kwenye chuma. Ugezi unaweza kufanyika TBS, shirika la viwango la Tanzania, lakini uombe mapema, kwa sababu foleni ya maabara haijui ratiba ya mradi wako.

Usitegemee geji ya presha peke yake. Pistoni ya jeki ina msuguano, na ikikaa imepinda hata kidogo, presha inasoma mzigo mkubwa kuliko ule unaofika kwenye paili. Weka kipima mzigo katikati ya jeki na boriti kuu iliyo chini ya jukwaa la uzito, halafu rekodi vyote viwili. Vikiachana kwa zaidi ya asilimia chache, simamisha kazi uangalie jeki imekaaje.

Mzigo wa jaribio kwa paili itakayotumika kwenye jengo kwa kawaida ni mara moja na nusu ya mzigo wa kazi, kwetu 1,800 kN. Juu ya jukwaa unapanga matofali makubwa ya zege yenye uzito unaozidi huo kwa asilimia 20 hivi, ili jeki isije ikanyanyua jukwaa zima. Hiyo ni takriban tani 220. Tofali la mita moja kwa moja kwa mbili lina karibu tani 4.8, kwa hiyo unahitaji 46, pamoja na kreni na njia ambayo lori halitakwama. Miguu ya jukwaa ikae angalau mita 1.3 kutoka ukingoni mwa paili. Ikiisogelea paili zaidi ya hapo, udongo uliobanwa na matofali unaishika paili na kuipa nguvu ambayo si yake. Kichwa cha paili kipasuliwe mpaka kwenye zege safi, kisawazishwe, na bamba la chuma lilale bapa. Haya mafundi wanayajua.

Sasa boriti ya rejea. Hii ni boriti ya chuma inayopita juu ya kichwa cha paili bila kuigusa, ikiwa imeshikiliwa na vigingi vilivyo mbali na paili na mbali na miguu ya jukwaa. Geji nne za kupima kushuka zinafungwa kwenye boriti hiyo, sindano zake zikigusa kichwa cha paili pande nne. Paili ikishuka, sindano zinatoka. Kila namba utakayoandika kwenye fomu ni umbali kati ya paili na boriti, kwa hiyo boriti ikicheza, paili ndiyo inayosingiziwa.

Wapimaji tuliowakodi waliweka boriti ya mita 6 na kuiacha juani bila turubai. Hatua za asubuhi zilienda vizuri. Kuanzia saa nne, mzigo ukiwa umeshikiliwa palepale kwenye 1,200 kN, geji zote nne zikaendelea kutoka taratibu, na kasi haikutaka kushuka. Masharti yetu yalisema hatua inayofuata haianzi mpaka kasi ya kudidimia iwe chini ya milimita 0.1 kwa saa. Tukakaa. Mwakilishi wa mhandisi mshauri akaanza kuzungumzia matope chini ya paili. Jioni, mzigo ukiwa uleule, paili “ikapanda” karibu milimita moja. Paili haipandi ikiwa imebebeshwa tani 120.

Ukweli ni kwamba upande wa juu wa boriti ulipata moto kuliko wa chini, ukarefuka, boriti ikajikunja kwa juu. Piga hesabu: chuma hurefuka sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Boriti ya urefu wa mita 6 na kina cha milimita 200, ikipishana nyuzi 5 tu kati ya juu na chini, inanyanyuka katikati kwa milimita 1.35. Sisi tulikuwa tunatafuta kasi ya 0.1.

Kwa hiyo, kabla hujaruhusu jeki kupigwa, hakikisha mambo haya. Turubai lifunike boriti yote na vigingi vyake, si meza ya karani peke yake. Ncha moja ya boriti ifungwe na nyingine iachwe iteleze, ili ikirefuka isijipinde. Kipimajoto kifungwe kwenye boriti na kisomwe pamoja na geji. Geji zisomwe kila nusu saa kwa saa kadhaa mzigo ukiwa sifuri. Zikitembea wakati huo, boriti haijatulia, na heri kujua sasa. Tena, mtu wa sevei awe na darubini ya usawa akisoma rula iliyobandikwa kichwani mwa paili, akilinganisha na alama ya kudumu iliyo mbali. Darubini haifikii usahihi wa geji, lakini ndiyo shahidi wa pekee asiyefungwa kwenye boriti. Jaribio la marudio tulilianza saa kumi na moja jioni, ili ile hatua ndefu iangukie usiku. Mlinzi alilalamika kuhusu jenereta. Geji zilitulia.

Upakiaji wetu ulikuwa wa robo robo: 300, 600, 900, kisha 1,200 iliyoshikiliwa saa sita. Mzigo ukashushwa mpaka sifuri, ukarudishwa hadi 1,200, halafu 1,500, halafu 1,800 kwa saa nyingine sita, ukashushwa tena. Paili inaposhuka presha ya jeki nayo inapungua, kwa hiyo mtu wa pampu haruhusiwi kulala. Geji nne zinachukuliwa wastani, lakini usifute namba za kila moja: mbili zinazotazamana zikipishana sana, kichwa kinainama na mzigo haukai katikati.

Majibu ya marudio yalikuwa haya: kwenye 900 kN milimita 2.1, kwenye 1,200 milimita 3.3, kwenye 1,500 milimita 4.7 na kwenye 1,800 milimita 6.9. Baada ya kuondoa mzigo wote zilibaki milimita 3.6.

Jambo la kwanza ni kulinganisha na masharti ya mkataba. Yetu yaliruhusu milimita 10 kwenye mzigo wa kazi na 15 kwenye mzigo wa jaribio, kwa hiyo hapo tumepita. Wengi huishia hapa na kuomba saini, lakini mchoro wa mzigo na kushuka una mengi ya kusema zaidi ya namba mbili.

Zege lenyewe hufupika likibanwa. Mzigo wote wa 1,800 kN ungefika mpaka chini bila kupungua njiani, paili hii ingefupika kwa PL/AE, ambapo P ni mzigo, L ni urefu wa mita 18, A ni eneo la mkato la mita za mraba 0.283 na E, yaani ugumu wa zege, tukichukua 30,000,000 kN kwa mita ya mraba. Jibu ni milimita 3.8. Yetu ilirudi juu milimita 3.3 mzigo ulipoondolewa. Mzigo unaopungua njiani kwa msuguano wa ubavuni hufupisha zege pungufu ya hapo, na udongo wa chini nao unarudi kidogo, kwa hiyo namba hiyo inaingia akilini. Ingerudi milimita 8, ningerudi kuikagua boriti.

Kisha chora mstari wa Davisson wa mwaka 1972, ambao mchoro ukiugusa paili huhesabiwa kuwa imeshindwa:

```
kikomo (mm) = PL/AE + 4 + D/120
```

D ni kipenyo kwa milimita. Kwenye 1,800 kN tunapata 3.8 + 4 + 5, yaani 12.8. Mchoro wetu uko kwenye 6.9, bado haujaugusa mstari. Kanuni hii ilitokana na paili za kugongwa, na kwa paili za kuchimba huwa kali kidogo, kwa hiyo kutougusa ni habari njema.

Paili yenye matope chini ya kitako hujionyesha kwa namna yake. Mchoro unakwenda vizuri wakati ubavu unabeba, halafu ubavu ukichoka unavunjika ghafla kuelekea chini: hatua iliyokuwa ikiongeza milimita 1.5 inaongeza 10 au 15. Mzigo ukiondolewa, sehemu kubwa ya kushuka huko inabaki. Hapo kubishana na mshauri hakusaidii. Fungua kumbukumbu za usafishaji wa shimo na uangalie muda uliopita kati ya kusafisha na kumwaga zege.

Sasa kuhusu neno “imethibitishwa” kwenye ripoti. Tulichothibitisha ni kwamba paili hii inabeba angalau 1,800 kN bila kushindwa. Kama msanifu alidai uwezo wa mwisho wa 2,400 kN, yaani kigezo cha usalama cha 2, jaribio hili halijaufikia na halina haki ya kuusemea. Anayeutaka uthibitisho huo afanye jaribio kwenye paili ya majaribio isiyo ya jengo, mapema, akiisukuma mpaka mara mbili na nusu au tatu. Kama mita za juu ni kifusi kipya, toa pia msuguano wake kwenye hesabu: siku ya jaribio kifusi kinaisaidia paili, lakini baadaye kikiendelea kushuka kitaivuta chini.

Kwenye ripoti ambatanisha fomu halisi za saiti zenye mafuta na matope, pamoja na safu ya joto la boriti. Ripoti yetu ya pili ilirudishwa mara moja tu, kwa sababu ukurasa wa vyeti ulikosa muhuri.